Duara Nne, Miraba Minne na Mistari Minane

Ofisi nyingi zina mchoro wa mtandao wao, lakini ukiuulizia, haumo kwenye faili lolote. Upo ubaoni, au kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati la swichi, na aliyeuchora alishahama kazi. Fundi mpya akiitwa anatumiwa picha iliyopigwa kwa simu, kisha anatakiwa aseme mna vifaa gani, kipi kimeungwa na kipi, na taarifa zinapita wapi. Hayo ni maswali matatu. Anayeyajibu yote kwa mkupuo mmoja huishia kuandika vitu ambavyo hakuviona.

Mchoro mzuri wa kujizoeza ni ule maarufu wa ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani na ambao ndio uliozaa intaneti. Picha yake imesambaa kote. Umechorwa kwa mkono, unaonyesha hali ya Desemba 1969, na una duara nne na miraba minne tu.

Anza na maumbo, mistari isubiri. Duara zina namba na majina: ya 1 ni Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaani UCLA, ya 2 ni taasisi ya utafiti ya SRI, ya 3 ni UCSB, chuo cha Santa Barbara, ya 4 ni Chuo Kikuu cha Utah. Kila duara ni IMP, mashine iliyotengenezwa na kampuni ya BBN ambayo kazi yake ilikuwa kupokea taarifa na kuzipitisha tu, kama rauta inavyofanya leo. Miraba ni kompyuta zenyewe za watafiti: Sigma 7 kule UCLA, 940 kule SRI, 360 ya IBM kule Santa Barbara, na PDP-10 kule Utah. Vitu vinane, basi. Viandike vyote, kila kimoja kwa jina kama lilivyo kwenye picha, hata kama unadhani mchoraji alikosea herufi. Ukilisahihisha jina hapo hapo, atakayekuja kulilinganisha na mchoro hatalikuta.

Sasa mistari. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuifuata kwa macho kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, kwa sababu mistari miwili inapokatana jicho huruka kutoka mmoja hadi mwingine bila wewe kujua. Njia salama ni kusimama kwenye umbo moja, kuhesabu ncha zinazoligusa, kisha kuhamia umbo linalofuata. Ukifanya hivyo kwenye mchoro huu unapata orodha hii:

```
SIGMA 7 -- IMP 1
940     -- IMP 2
360     -- IMP 3
PDP-10  -- IMP 4
IMP 1   -- IMP 2
IMP 1   -- IMP 3
IMP 2   -- IMP 3
IMP 2   -- IMP 4
```

Faida ya kuhesabu ncha ni kwamba hesabu inajikagua yenyewe. Ukiacha kando miraba, SRI ina ncha 3, UCLA 2, Santa Barbara 2 na Utah 1. Jumla ni 8, na kwa kuwa kila mstari una ncha mbili, lazima mistari iwe 4. Ukipata jumla isiyogawanyika kwa mbili, kuna mstari uliouona upande mmoja ukaupoteza upande wa pili. Labda mwanga wa kamera umeufuta, au unaishia nje ya fremu.

Angalia pia ambacho hakimo. Utah haina mstari wa kwenda UCLA wala Santa Barbara. Mtu aliyezoea michoro ambayo kila kitu kimeungwa na kila kitu huuongeza mstari huo kichwani bila kujijua, na hapo orodha imeshaharibika.

Sehemu ya tatu, mkondo wa taarifa, ndiyo ngumu, kwa sababu haikuchorwa. Mstari unakwambia kwamba njia ipo, haukwambii nani anapita. Chukua mtu wa UCLA anayetaka kutumia PDP-10 ya Utah. Herufi zake zinatoka Sigma 7, zinaingia IMP 1, zinakwenda IMP 2, kisha IMP 4, ndipo zifike. Majibu yanarudi. Laini ya UCLA na SRI ikikatika, IMP zenyewe zinaweza kuzungukia Santa Barbara: 1, 3, 2, 4. Lakini ikikatika ile ya SRI na Utah, hakuna mzunguko wowote. Utah imebaki kisiwani. Hayo yote tumeyatoa kwenye orodha, hayakuandikwa popote kwenye picha, kwa hiyo yakae kwenye safu yake yenye kichwa cha wazi: haya nimeyakisia kutokana na mistari.

Michoro ya siku hizi huwa na mishale, na watu hudhani mshale unamaliza ubishi. Wapi! Tuchukulie picha ya ubao wa chama cha akiba na mikopo: wingu la intaneti, rauta, fayawoli, swichi, seva ya tovuti, na kisanduku cha mwisho ambacho mwanga wa kamera umekifuta jina. Mshale unatoka kwenye seva kwenda kwenye kisanduku hicho, na juu yake pameandikwa 3306. Namba hiyo ndiyo mlango ambao MySQL hutumia kwa kawaida, kwa hiyo inaelekea kisanduku ni hifadhidata. Inaelekea tu, kwenye orodha kiandikwe “kisanduku kisichosomeka, labda hifadhidata, kwa sababu ya 3306”.

Na mshale wenyewe unasema nini? Mwanachama akiuliza salio lake, seva ndiyo inayofungua mazungumzo na hifadhidata, lakini salio linasafiri kinyume, kutoka hifadhidata kuja kwenye seva. Anayepanga kanuni za fayawoli anataka kujua nani anaanza kuongea. Anayelinda siri za wanachama anataka kujua salio linaelekea wapi. Wote wawili wanatazama mshale uleule. Mimi huweka safu mbili, “anayeanza” na “kinachosafiri”, na sijali kama mchoraji alikusudia moja tu.

Tarakimu zina mitego yao. Moja na saba za mwandiko wa haraka hazitofautiani, na 192.168.1.20 ni mashine nyingine kabisa na 192.168.7.20. Hakuna sehemu ya anwani ya namna hii inayozidi 255, kwa hiyo ukisoma 310 jua umesoma vibaya. Kama majirani wote wa swichi hiyo wanaanza na 192.168.1, moja ina nguvu zaidi kuliko saba, ingawa swichi moja inaweza kugawanywa ikabeba mitandao miwili, na kukisia kukabaki kukisia.

Halafu kuna mstari wa vipande vipande unaotoka kwenye rauta kwenda pembeni. Kuna wachoraji ambao kwao huo ni muunganisho usiotumia waya, wengine laini ya akiba, wengine kitu kinachopangwa kufungwa mwakani. Ufunguo wa alama mara nyingi huwa kwenye kona ya chini, na aliyepiga picha alisogea karibu mno akaikata. Hapo usichague maana. Andika “mstari wa vipande, rauta kwenda kisanduku kisicho na jina, maana haijulikani”, kisha omba picha ya pili: apige akiwa amesimama mbele ya ubao moja kwa moja, mwanga wa kamera umezimwa, kona zote nne zikionekana.