Herufi Nyeupe Juu ya Mchanga Mweupe

Tuchukue filamu fupi ya wavuvi wa Nungwi, Unguja, iliyopigwa saa sita mchana. Manukuu yake yameandikwa kwa herufi nyeupe. Katika sehemu za usiku yanasomeka bila shida, lakini kamera ikishuka ufukweni, mchanga mweupe unayameza na mtazamaji anapitwa na maneno ya nahodha. Wengi wakifika hapo hubadilisha herufi ziwe za manjano. Hatua hiyo peke yake haitoshi, na sababu yake inapimika.

Jicho hutambua herufi kwa tofauti ya mwangaza kati yake na kilicho nyuma yake. Mwongozo wa WCAG, unaotumiwa na watengenezaji wa tovuti, unataka maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya nyeusi hufikia 21 kwa 1. Manjano kamili juu ya nyeupe hupata takriban 1.07 kwa 1, kwa kuwa manjano hung'aa karibu sawa na nyeupe. Herufi nyeusi zingesomeka mchangani, kisha zikapotea usiku. Kwa kuwa hakuna rangi moja inayofaa filamu nzima, kila herufi inapaswa kutembea na giza lake: ukingo mweusi unaoizunguka pande zote.

Faili la SRT hubeba maneno na muda wake, na kuhusu mwonekano halibebi karibu chochote. Ukingo huwekwa kwenye faili la ASS, na programu ya bure ya Aegisub hulitengeneza. Fungua video pamoja na SRT yako, ingia `File`, kisha `Script Properties`, uandike ukubwa wa video, kwa mfano 1920 kwa 1080. Halafu fungua `Styles Manager` kwenye menyu ya `Subtitle` na urekebishe mtindo. Kwa filamu yetu, mtindo huo ukihifadhiwa utakuwa hivi:

```
Style: Default,Arial,64,&H00FFFFFF,&H000000FF,&H00000000,&H80000000,-1,0,0,0,100,100,0,0,1,4,0,2,80,80,60,1
```

Fonti ni Arial, ukubwa wake 64, na ile `-1` inaagiza herufi nene. Fonti nyembamba au yenye vikia haifai hapa, maana mistari yake miembamba hufifia video inapobanwa. Kuelekea mwisho wa mstari, `1,4,0` inamaanisha ukingo wa kawaida, unene wa 4, bila kivuli. Kivuli huanguka upande mmoja tu wa herufi, kwa hiyo upande wa pili ungebaki wazi mbele ya mchanga.

Ukisahau kuandika ukubwa wa video, vipimo hivyo vinaweza kuharibika vyote. Faili lisilotaja ukubwa mara nyingi huchukuliwa kuwa na kimo cha 288. Kwenye video ya 1080, herufi ya 64 hukua hadi 240, na ukingo wa 4 huwa 15. Ukiona maneno yamejaa skrini nzima, kagua hapo kwanza.

Rangi nazo huandikwa kinyume na ilivyozoeleka kwenye tovuti: bluu hutangulia, kijani hufuata, nyekundu huja mwisho. Manjano ni `&H0000FFFF`. Ukiandika `&H00FFFF00` utapata samawati. Ukingo ukishakuwepo, manjano ina faida ya kweli, kwani ndani ya herufi hakufanani tena na mchanga ulio nje ya ukingo.

Kuna mandhari yanayoushinda hata ukingo, kama maji yanayometameta nyuma ya maneno. Hapo tengeneza mtindo wa pili wenye `BorderStyle` ya 3, unaoweka kisanduku nyuma ya maandishi, na rangi ya ukingo iwe `&H80000000`, yaani nyeusi inayopitisha nusu ya mwanga. Utumie kwa tukio zima la baharini, ili kisanduku kisiwe kinatokea na kutoweka kila sentensi.

Kabla ya kumaliza, simamisha video kwenye sehemu yenye mwanga mkali kuliko zote, kisha kwenye yenye giza zaidi, na uitazame kwenye simu nje juani. Runinga nyingi na baadhi ya programu za simu hupuuza mitindo ya ASS, kwa hiyo nakala ya kutuma WhatsApp ni bora ichomewe manukuu ndani ya picha:

```
ffmpeg -i wavuvi.mp4 -vf "ass=wavuvi.ass" -c:a copy wavuvi_manukuu.mp4
```

Manukuu yaliyochomewa hayafutiki wala hayarekebishiki. Tunza video isiyo na maandishi pamoja na faili la ASS, ili kosa la tahajia likionekana baadaye urekebishe faili na kuchomea upya.