Bonasi ya Desemba, Malipo ya Aprili

Tuchukue msimamizi wa mauzo wa kampuni ya vinywaji jijini Dar es Salaam. Mwaka wa hesabu wa kampuni yake unaanza Januari na kuisha Desemba. Amefanya kazi miezi yote kumi na miwili, malengo yake ameyafikia, na bosi wake ameyathibitisha hayo kwenye fomu ya tathmini. Machi 10 anapata kazi kwingine, anaandika barua ya kuacha kazi na kutoa notisi ya siku 28. Siku yake ya mwisho ofisini inakuwa Aprili 7. Bonasi ya mwaka uliopita inaingia benki Aprili 30, na yeye hapati hata senti.

Anapouliza, afisa utumishi anamfungulia kijitabu cha kanuni za bonasi na kumwonyesha sentensi moja: mfanyakazi atastahili bonasi endapo atakuwa katika ajira ya kampuni siku ya malipo, na hatakuwa ametoa wala kupewa notisi ya kusitisha ajira. Ameitolea jasho mwaka mzima, lakini sentensi hiyo haizungumzii jasho. Inauliza tu alikuwa wapi Aprili 30.

Mfano huu ni wa kubuni, ila sentensi ile si ya kubuni. Kwa maneno yanayokaribiana na hayo, imo katika kanuni za kampuni nyingi zinazolipa bonasi ya mwaka, na wengi huisoma kwa mara ya kwanza wakiwa wameshakabidhi barua. Kuielewa kunahitaji kwanza kujua bonasi yenyewe hupatikanaje.

Mpango wa bonasi uliotungwa vizuri hujibu maswali manne kwa mpangilio: nani yumo, anapimwa kwa nini, menejimenti ina uhuru gani wa kubadili matokeo, na anayeondoka anatendewaje. Swali la kwanza ndilo jepesi. Mara nyingi walio katika kipindi cha majaribio hawamo, wala wenye onyo la maandishi ambalo halijaisha muda wake. Aliyeajiriwa katikati ya mwaka huhesabiwa kwa uwiano wa miezi aliyofanya kazi. Mahali pa kuangalia kwa makini ni pale kanuni zinaposema "siku alizofanya kazi". Je, likizo ya uzazi imo? Tanzania mama hupewa siku 84 zenye malipo, na sheria inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito. Kanuni inayomkata mama robo ya bonasi kwa sababu alijifungua inajitafutia kesi.

Swali la pili ni la hesabu, turudi kwa msimamizi wetu. Mshahara wake ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi, yaani 18,000,000 kwa mwaka. Barua yake inasema bonasi ya kiwango kamili ni asilimia 15 ya mshahara wa mwaka, ambayo ni shilingi 2,700,000. Asilimia 40 ya fedha hizo inategemea matokeo ya kampuni nzima, na asilimia 60 inategemea malengo yake mwenyewe.

Upande wa kampuni, lengo lilikuwa mauzo ya shilingi bilioni 10. Kanuni zinaweka kiwango cha chini cha asilimia 90: mauzo yakiwa chini ya hapo, sehemu hiyo hailipwi kabisa. Yakifika asilimia 90 inalipwa nusu, yakifika 100 inalipwa yote, na katikati inapanda taratibu. Mwaka ule mauzo yalifika asilimia 96. Kila asilimia moja juu ya 90 inaongeza tano, hivyo sita zinaongeza thelathini juu ya hamsini, na sehemu ya kampuni inalipwa kwa asilimia 80. Asilimia 80 ya shilingi 1,080,000 ni 864,000. Malengo yake binafsi aliyatimiza yote, kwa hiyo anapata 1,620,000 nzima. Jumla ni shilingi 2,484,000 kabla ya kodi.

Hesabu hiyo inakamilika tu pale malengo yanapokuwa yameandikwa. Kuna barua zinazosema bonasi itategemea "malengo yatakayowekwa na meneja", kisha mwaka unapita bila meneja kuyaweka. Ugomvi wa namna hiyo hauishi, kwa sababu kila upande unakumbuka maongezi yake. Dalili nyingine ya hatari ni malengo yanayobadilishwa Oktoba, wakati miezi tisa imeshakwenda. Kanuni makini husema malengo yatasainiwa kufikia mwezi fulani, na yakibadilika, mfanyakazi ataarifiwa kwa maandishi na miezi iliyopita itapimwa kwa malengo ya zamani.

Sasa tufike kwenye maneno yanayowatisha wengi: "bonasi hii ni kwa hiari ya menejimenti". Waajiri huyaandika kwa sababu halali. Mwaka ukiharibika ghafla, au mtu akitimiza mauzo kwa kuwauzia wateja wasio na uwezo wa kulipa, kampuni inataka nafasi ya kupunguza. Lakini hiari si ruhusa ya kufanya lolote. Kesi maarufu hapa ni ya Clark dhidi ya kampuni ya Nomura, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu jijini London mwaka 2000. Clark alikuwa akifanya biashara ya hisa, na alikuwa ameiingizia kampuni faida kubwa. Mkataba wake ulisema bonasi ni ya hiari na itategemea utendaji wake binafsi. Kampuni ikampa sifuri. Mahakama ikasema kipimo kilichoandikwa ni utendaji, na hakuna mwajiri mwenye busara ambaye angeutazama utendaji ule na kutoka na sifuri. Clark alitunukiwa pauni milioni 1.35.

Hukumu ya London haizifungi mahakama za Dar es Salaam wala Nairobi, ila mawakili wa huku huzisoma kesi kama hizo, na somo lake linaeleweka popote. Menejimenti ikiwa imejiwekea kipimo, hiari yake inatumika ndani ya kipimo hicho. Kwa hiyo anayenyimwa bonasi aulize mambo matatu: sababu iliandikwa wakati uamuzi unafanyika au imetungwa baada ya malalamiko? Inahusiana na kipimo kilichotajwa kwenye kanuni? Wenzake wenye alama kama zake wametendewa hivyo hivyo? Sifuri inayotokea wiki moja baada ya mtu kutangaza kuondoka, huku fomu ya tathmini ikisema amevuka malengo, ni vigumu kuitetea kama hiari ya kweli, isipokuwa kanuni zenyewe zinasema waziwazi kwamba mwenye notisi hapewi.

Hapo ndipo swali la nne linapokuwa zito kuliko mengine yote. Kanuni nyingi huwagawa wanaoondoka katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wanaotoka kwa sababu zisizo kosa lao: kupunguzwa kazini, kustaafu, ugonjwa, kifo. Hawa kwa kawaida hulipwa kwa uwiano. Kundi la pili ni wanaoacha kazi kwa hiari yao au kufukuzwa kwa kosa, na hawa hupoteza.

Laiti msimamizi wetu angepunguzwa kazini Septemba 30, angehesabiwa miezi tisa kati ya kumi na miwili. Kwa matokeo yaleyale ya mwisho wa mwaka, robo tatu ya 2,484,000 ni shilingi 1,863,000, na angelipwa Aprili pamoja na wengine. Kama kanuni zinahesabu miezi iliyokamilika tu, aliyetoka Septemba 20 anapata minane, yaani shilingi 1,656,000. Siku kumi zimemgharimu zaidi ya laki mbili. Mtu anayejadiliana tarehe ya kuondoka katika zoezi la kupunguza wafanyakazi anapaswa kuijua hesabu hiyo kabla hajasaini.

Je, mahakama humwokoa aliyetoka kabla ya malipo? Inategemea sana jinsi sentensi ilivyoandikwa, na kesi mbili zinaonyesha pande zote. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisikiliza dai dhidi ya Commerzbank la mfanyakazi aliyekuwa amepunguzwa katikati ya mwaka 2005. Alitaka bonasi ya miezi aliyofanya kazi mwaka ule. Mkataba ulisema wazi kwamba asiyekuwa kazini siku ya malipo hapati, na dai hilo likaanguka.

Kanada mambo yalikwenda kinyume. Matthews, mkemia wa kampuni ya Ocean Nutrition, aliondoka Juni 2011 baada ya mwajiri wake kumbana mpaka ikahesabika kwamba ameachishwa. Miezi 13 baadaye kampuni ikauzwa kwa dola milioni 540, mauzo ambayo yangempa bonasi ya zaidi ya dola milioni moja. Kampuni ikasema hakuwa mwajiriwa siku ya mauzo. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaona kwamba notisi aliyostahili kupewa ilikuwa ya miezi 15. Laiti angepewa, mauzo yangemkuta bado kazini. Ikauliza kama maneno ya mpango yaliiondoa haki hiyo bila utata, ikajibu hapana, naye akalipwa.

Hoja ya notisi inamgusa hata mfanyakazi wa hapa. Mwajiri akimwambia mtu aondoke leo na kumlipa mshahara wa mwezi badala ya notisi, ajira imeisha leo au mwisho wa mwezi? Kama siku ya malipo ya bonasi inaangukia katikati, jibu la swali hilo ndilo bonasi yenyewe. Kanuni nzuri hutaja tarehe inayohesabika. Zisipotaja, uliza kwa barua pepe na uhifadhi jibu.

Msimamizi wetu alikuwa na njia mbili Machi ile. Angeweza kumwomba mwajiri mpya asogeze tarehe ya kuanza, atoe notisi Mei 1 baada ya fedha kuingia, kwani kanuni yake inamfunga aliyetoa notisi kabla ya malipo hata kama bado yuko kazini. Au angemwonyesha mwajiri mpya barua ya bonasi na fomu ya tathmini, na kuomba afidiwe anachokiacha. Waajiri wanaomtaka mtu kweli hulikubali ombi hilo, mradi lije kabla ya mkataba mpya kusainiwa.

Na anayeamini amedhulumiwa asikae na barua kabatini. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Kenya, madai yanayotokana na mkataba wa ajira yana miaka 3. Aende na nakala ya kanuni zilizokuwa zikitumika mwaka ule wa kazi, barua ya malengo na fomu ya tathmini. Nyaraka hizo azitunze mapema mahali pake mwenyewe, kwa sababu siku ya kuondoka akaunti yake ya kazini inaweza kufungwa kabla ya saa sita mchana.