Wayo Kidatoni: Kulimaliza Shairi Bila Kutoa Funzo

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili huujua ubeti wa mwisho kabla hajaufikia. Mshairi ataaga, atataja jina lake na mji wake, ataomba radhi kwa makosa, kisha ataacha neno la kushika: vijana tulieni, wazazi leeni, dunia hadaa. Kaditama hiyo ina kazi yake ya kale. Mashairi yalighaniwa mbele ya watu, yalinakiliwa kwa mkono, baadaye yakatumwa katika magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Katika safari zote hizo, ubeti wa kufunga ndio uliotambulisha mtunzi na kumjulisha msikilizaji kwamba maneno yamekwisha. Zipo pia tungo ambazo nasaha ndiyo roho yake. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858, hali akiwa mgonjwa, alikusudia kumwachia mwanawe mawaidha. Kumtaka angemaliza kwa picha tu ni kumtaka awe mtunzi mwingine.

Shida huanza pale shairi lililokuwa likisimulia, likionyesha, likitusogeza karibu na watu na vitu, linapofika mwisho na kutuvua macho yetu ili lituelekeze la kuona. Hapo mshairi huwa amepata picha nzuri, kisha akaogopa kuiacha peke yake.

Tulitazame jambo hili katika shairi dogo nililolitunga kwa ajili ya makala haya. Ni tarbia ya kawaida, mizani kumi na sita kila mstari, vina vya kati na vya mwisho:

Mnazi huu wa babu, vidato alivikata,
Kwa panga na kwa taabu, juu kilele kupata,
Madafu yaso hesabu, chini tukiyaokota,
Leo kakaa karibu, fimbo chini kaikita.

Wanawe wako mjini, kurudi hawajasema,
Nazi zaanguka chini, usiku zikinguruma,
Mjukuu wa nyumbani, mnazini kasimama,
Enyi vijana jueni, ya wazee ndiyo mema.

Vina vimetimia na mizani imekaa sawa. Mwalimu wa arudhi hatakuwa na la kusahihisha. Lakini mstari wa mwisho umefanya mambo matatu kwa pigo moja, na yote yana hasara. Kwanza, umemwondoa mtoto. Mstari mmoja tu nyuma tulikuwa naye, amesimama mnazini, nasi tunataka kujua atafanya nini. Ghafla hayupo, na mahali pake pamekaa kundi la vijana wasio na sura. Pili, umebadilisha sauti. Aliyekuwa akituonyesha ua wa nyumba moja amepanda jukwaani kuhutubia. Tatu, na hili ndilo kubwa, umekata shauri ambalo beti mbili hazijalikata. Je, ya wazee ndiyo mema? Babu amekaa na fimbo, madafu yaliyokuwa hayana hesabu hayakumjengea uzee wa raha, na wanawe huenda walikuwa na sababu nzito za kuondoka. Shairi lilijua hayo. Mstari wa mwisho umeyasahau.

Sasa mtunzi aliyesoma kwamba picha ni bora kuliko funzo anaweza kuufuta mstari huo na kuandika hivi:

Na nyota ziko mbinguni, mwezi nao wainama.

Unasikika vizuri, na msomaji wa haraka angeusifu. Mimi naona ni mwisho mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa na msimamo wa kupingwa. Nyota na mwezi hazina deni lolote na mnazi, fimbo wala mtoto. Ungeweza kuzibandika mwishoni mwa shairi la harusi, la msiba au la uchaguzi, nazo zingekaa vilevile. Mwisho wa namna hii haujaachwa wazi, umeachwa mtupu. Tena una kawaida ya kuficha funzo ndani yake. Jua linapochomoza katika mstari wa mwisho, kila msomaji amekwisha kufundishwa kusoma “matumaini”. Mshumaa ukizimika, amefundishwa kusoma “kifo”. Mtunzi huyo anadhani ameacha funzo, kumbe amelivalisha kanzu tu.

Jaribio la tatu ni hili:

Wayo wake kidatoni, mwingine haujahama.

Mtoto ameweka mguu mmoja kwenye kidato, mguu wa pili bado uko ardhini. Shairi limekwisha. Hatujui kama atapanda, wala kama babu atamkanya au atamshangilia. Lakini tazama ni mambo mangapi yamebaki yakiendelea kusema. Kidato tumekiona katika mstari wa kwanza kabisa, kikikatwa kwa panga; kwa hiyo kinaporudi mwishoni hakiji kama mgeni. Mguu wa mtoto unagusa kazi ya mkono wa babu, na wawili hao wamekutana ndani ya shina la mti bila mtunzi kutamka neno “urithi”. Fimbo iliyokitwa chini katika ubeti wa kwanza inaanza kusemezana na wayo uliobaki chini katika ubeti wa pili. Aliyewahi kuutazama mnazi wa kukwea atakumbuka pia kwamba vidato hukatwa kwa kadiri ya hatua ya mkwezi mtu mzima. Mguu wa mtoto utakifikia cha pili? Shairi halikuuliza swali hilo. Msomaji analiuliza mwenyewe, akiwa amekwisha kuinuka na kwenda zake.

Huo ndio mwangwi ninaouzungumzia, nao hautoki kwenye uzuri wa mstari wa mwisho pekee. Unatoka kwenye mistari iliyoutangulia. Laiti ubeti wa kwanza ungesema tu kwamba babu alikuwa mkwezi hodari, pasi na vidato na panga, wayo wa mtoto usingekuwa na pa kukanyaga. Ndiyo maana mshairi aliyekwama mwishoni mara nyingi hufanya vyema kuacha kuhangaika na mwisho, akarudi mwanzoni kutafuta ni kitu gani alikiweka pale na hakukitumia. Shairi likiwa halina kitu kama hicho, limejaa hisia na sifa tu, basi hakuna picha ya mwisho itakayoliokoa.

Jambo jingine la kuangalia ni kitenzi. “Haujahama” kimebeba shairi zima, maana kinasimama katikati ya jambo lililoanza na lisilotimia. Ningeandika “mwingine unamuuma”, mizani ingetosha na kina kingekubali, lakini mtoto angekuwa anaumwa mguu na sisi tungekuwa tunamhurumia. Mlango mmoja tu ungebaki. Ningeandika kwamba amefika kileleni, ningekuwa nimetoa funzo kwa njia ya kitendo: mila imeshinda. Kumwangusha kungekuwa funzo la upande wa pili. Picha iliyo wazi hukaa kwenye ukingo wa tendo, na mtunzi huhitaji ujasiri kidogo wa kumwacha mtu wake pale ukingoni.

Yapo mazoea ya kwetu yanayousaidia mwisho wa namna hii, na yapo yanayouzuia. Kibwagizo kinachorudiwa kila ubeti huelekea kuwa methali au onyo, na kikisharudiwa mara sita hakuna picha inayoweza kushindana nacho. Mtunzi anaweza kukigeuza ubeti wa mwisho, au kutumia kiishio, yaani kila ubeti ufungwe kwa mstari wake. Anaweza pia kuchagua kibwagizo ambacho chenyewe ni picha, kisha akayaacha matukio yabadili maana yake: maneno ni yale yale, lakini baada ya kifo au safari hayasikiki kama yalivyosikika mwanzo. Hii ni kazi ngumu, na ikifaulu hakuna mwisho unaoipita.

Anwani nayo yataka uangalifu. Shairi letu likiitwa “Tufuate Mila”, wayo wa mtoto utakuwa umekwisha kukata shauri kabla haujainuliwa. Likiitwa “Mnazi”, tuko salama.

Wapo wanaodhani kwamba mwisho ulioachwa wazi ni mali ya mashairi huria, yaliyozua mjadala mkali baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974. Sikubali. Umbo na mwisho ni mambo mawili. Zipo tungo huria nyingi zinazomalizia kwa hotuba, na umeona hapo juu kwamba vina na mizani haviukatazi wayo kukaa kidatoni. Isitoshe, wapenzi wa arudhi wana hazina ya mafumbo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, aliishi katika ulimwengu wa malumbano, ambapo ubeti ulitoka kwa mshairi mmoja ukamsubiri wa pili aujibu. Haji Gora Haji wa Tumbatu naye aliliita diwani yake Kimbunga, mwaka 1994, kwa jina la shairi linalosimulia upepo wa ajabu uliopiga mji wa Siyu, na wasomaji hawajaacha kujadiliana kuhusu kimbunga hicho ni kitu gani.

Hata hivyo, fumbo na picha iliyo wazi si kitu kimoja. Fumbo la malumbano lina jibu. Aliyelifumba analo, na mwerevu atalifumbua. Ukinijia na kuniuliza mtoto wa mnazi alipanda au hakupanda, sina jibu ninalokuficha.

Basi mtunzi atajuaje kama mwisho wake uko wazi au ni mtupu? Awasomee watu wawili watatu ambao hawakumsikia akilieleza shairi, kisha awaulize ni nini kinatokea baadaye. Wote wakijibu kwa sentensi moja, kuna funzo limejificha mahali. Wakitofautiana lakini hawawezi kuonyesha neno lolote lililowafikisha huko, picha inaelea. Wakitofautiana, na kila mmoja akashika neno lake, huyu fimbo, yule nazi zinazonguruma usiku, mwisho umesimama. Mtunzi azuie ulimi wake wakati huo. Akisema tu, “Nilimaanisha kwamba...”, jaribio limeharibika, maana kuanzia hapo watu watamsikiliza yeye na kuliacha shairi.

Darasani kazi hii hukutana na swali la mtihani: ujumbe wa shairi ni upi? Mwanafunzi aliyezoea kuchimbua methali kutoka ubeti wa mwisho atakwama kwenye mnazi wetu, pengine akaandika kwamba tuwaheshimu wazee ili apate alama. Mwalimu anaweza kuliuliza swali kwa namna nyingine: je, mjukuu anavutwa zaidi na mti au na ardhi, na ni maneno gani yanayokuonyesha hivyo? Mmoja atasema anavutwa na mti, kwa sababu hakuna aliyemtuma asimame pale. Mwingine atasema ardhi, kwa sababu wanawe babu wote walikwenda, na nazi zimekwisha kuanguka zenyewe. Apande kufuata nini? Wote wawili wapewe alama.