Picha ya utepe wa MacBook Pro

Mwalimu wa kompyuta anaandaa maelezo ya kuwagawia wanafunzi. Anataka wauone ule utepe wa kioo ulio juu ya namba za kibodi ya MacBook Pro yake. Anabonyeza Shift, Command na 3, kama anavyofanya kila siku akitaka picha ya skrini. Picha inatoka safi, madirisha yote yamo, ila utepe haumo. Anarudia, haumo.

Hajakosea. Utepe huo, ambao Apple waliuita Touch Bar, ni skrini nyingine kabisa, na una vitufe vyake vya kupigia picha: Shift, Command na 6, vikibonyezwa kwa pamoja. Faili huenda palepale zinapokwenda picha nyingine za skrini, kwa kawaida kwenye eneokazi, na jina lake huanza na maneno Touch Bar Shot. Anayetaka kuibandika picha moja kwa moja kwenye barua au waraka aongeze Control. Hapo hakuna faili linalohifadhiwa, picha inasubiri tu kubandikwa.

Kompyuta zenye utepe huu zilianza kuuzwa mwaka 2016. Zile mpya za inchi 14 na 16 zilizotoka Oktoba 2021 zilirudishiwa vitufe vya kawaida, na toleo la mwisho lenye utepe, la inchi 13, liliondolewa sokoni mwaka 2023. Kwa hiyo leo anayekutana nao mara nyingi ana mashine iliyokwishatumiwa. Ikiwa bado ina mfumo wa mwanzo kabisa na vitufe havifanyi kitu, huenda haijafika macOS 10.12.2, toleo linalohitajika kwa kazi hii.

Ugumu wenyewe uko kwingine. Utepe haukai na sura moja: ukiwa kwenye Safari unaonyesha vitu vya Safari, ukihamia programu nyingine unabadilika papo hapo. Tena ukiachwa bila kuguswa kwa muda wa dakika moja hivi, unafifia, kisha unazima. Mwalimu wetu basi afungue kwanza programu anayotaka kuionyesha, auguse utepe uamke, ndipo abonyeze. Na kama mkono mmoja unashughulika na utepe wenyewe, vitufe vitatu ni vingi kwa mkono uliobaki. Hapo dirisha la Terminal linasaidia:

```
sleep 5; screencapture -b ~/Desktop/utepe.png
```

Amri hiyo inasubiri sekunde tano kabla ya kupiga. Zinatosha kurudi kwenye programu inayotakiwa na kuupanga utepe. Bila ya kusubiri, kitakachonaswa ni utepe wa Terminal yenyewe.

Picha ikishapatikana, huwa inashangaza kwa umbo. Utepe wa mwanzo ulikuwa na pikseli 2170 kwa 60, yaani urefu wake ni mara 36 ya kimo. Ukiiweka kwenye karatasi kwa upana wa sentimita 16, kimo chake hakifiki hata nusu sentimita, na mwanafunzi hataona kitu zaidi ya mstari mweusi wenye madoa. Afadhali kuifungua kwenye Preview, kuzungushia sehemu ya vitufe viwili vitatu vinavyozungumziwa, na kukata kwa Command na K. Kipande hicho kikikuzwa, kinasomeka.

Kuna jambo jingine ambalo picha hii hufichua bila kukusudia. Inachukua kile ambacho mfumo umechora, haichukui kioo. Utepe unaweza kuwa unamweka kama taa mbovu, au una michirizi, na picha yake ikatoka nzuri isiyo na dosari. Picha nzuri na kioo kibovu, basi ubovu uko kwenye kifaa, na hakuna amri itakayouponya. Lakini kama picha nayo ina vitufe vilivyoganda au vilivyopotea, kuna sababu ya kushuku programu, na amri hii huwasha upya kile kinachouendesha utepe, baada ya kuuliza neno la siri:

```
sudo pkill TouchBarServer
```

Ndiyo maana muuzaji wa mashine iliyotumika akikutumia picha ya Touch Bar iliyonaswa kwa vitufe, usiichukulie kuwa ushahidi wa uzima wa kioo. Mwombe aupige utepe video kwa simu, ukiwa umewaka, kwa angalau dakika moja.