Bonasi na barua ya kuacha kazi

Alileta barua yake asubuhi ya Machi 17, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki. Alikuwa mhasibu, na kama mtu wa hesabu alikuwa amehesabu kila kitu. Amepata kazi Mwanza. Sheria inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28, kwa hiyo siku yake ya mwisho ingekuwa katikati ya Aprili. Bonasi ya mwaka uliopita ingelipwa Machi 31. Atakuwa bado kazini, ataipokea, kisha ataondoka kwa amani.

Wakati huo nilikuwa idara ya utumishi katika kampuni hiyo, na mimi ndiye niliyempokea ile bahasha. Niligonga muhuri wa tarehe juu ya barua, nikaweka nakala kwenye faili. Wiki mbili baadaye orodha ya malipo ilipotoka, jina lake halikuwamo. Alikuja ofisini kwangu akiwa na kanuni za bonasi mkononi, akanionyesha kifungu kilichosema mfanyakazi lazima awe kazini siku ya malipo. "Mimi si niko kazini?" aliniuliza. Nikamwonyesha maneno yaliyofuata baada ya mkato: "na awe hajatoa wala kupewa notisi." Maneno sita tu, na yalimgharimu karibu shilingi milioni mbili. Sijasahau uso wake, na ndiyo sababu naandika haya.

Kanuni za bonasi za kampuni nyingi zimejengwa kwa namna moja. Kwanza zinasema nani anastahili, halafu zinaeleza malengo na jinsi ya kukokotoa, halafu zinaupa uongozi mamlaka ya kuamua, na mwishoni zinasema nini kinampata aliyeondoka kabla ya siku ya malipo. Watu wengi husoma sehemu ya pili tu, ile yenye asilimia.

Tuanze na kustahili. Kanuni zetu zilitaka mtu awe amemaliza kipindi cha majaribio, awe ameajiriwa kabla ya Oktoba 1 ya mwaka husika, na asiwe na onyo la mwisho la kinidhamu. Aliyeanza Aprili alipata sehemu tisa za kumi na mbili. Hayo yote ni ya kawaida. Pa kuangalia kwa makini ni pale kanuni zinapokata bonasi kwa "siku ambazo mfanyakazi hakuwapo kazini" bila kufafanua. Mama aliyechukua likizo yake ya uzazi ya siku 84 anaweza kujikuta amepunguziwa kana kwamba alikuwa mtoro. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ujauzito, na katazo hilo linagusa ujira na marupurupu pia. Kifungu cha namna hiyo kipingwe mapema, kabla mtu hajakatwa.

Sasa hesabu yenyewe. Mhasibu wetu alikuwa na mshahara wa msingi wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Lengo la bonasi kwa ngazi yake lilikuwa asilimia 15, sawa na 2,160,000. Fungu hilo liligawanywa: asilimia 60 ilitegemea faida ya kampuni, asilimia 40 ilitegemea tathmini yake binafsi. Mwaka ule kampuni ilifikia asilimia 95 ya lengo la faida, na jedwali lilisema kiwango hicho kinalipa robo tatu tu. Kwa hiyo fungu la kampuni, lililokuwa 1,296,000, likashuka hadi 972,000. Yeye binafsi alikuwa amefanya vizuri, akapewa asilimia 110 ya fungu lake la 864,000, ikawa 950,400. Jumla 1,922,400 kabla ya kodi, kwa sababu bonasi nayo hukatwa kodi ya ajira kama mshahara.

Pale kwetu mafungu mawili yalijumlishwa. Kuna kampuni zinazoyazidisha, yaani alama ya kampuni mara alama ya mtu. Kwa takwimu zilezile angepata 1,782,000. Tofauti inaonekana ndogo, lakini subiri mwaka mbaya. Kampuni ikishindwa kufika kwenye kizingiti, fungu la kampuni linakuwa sifuri. Kwa kujumlisha, mhasibu bado ana 950,400 zake za tathmini. Kwa kuzidisha, sifuri mara chochote ni sifuri, hata awe mfanyakazi bora wa jengo zima. Ukipewa kanuni, tafuta neno hilo kabla ya kutazama asilimia.

Jambo la pili la kuangalia kwenye malengo ni tarehe. Lengo lililoandikwa na kusainiwa Februari ni lengo. Lengo linalotumwa kwa barua pepe mwezi wa Septemba, wakati robo tatu ya mwaka imeshapita, ni mtego, na nimeona mameneja wakilipandisha lengo baada ya kuona timu inakaribia kulifikia. Kama kanuni zinaruhusu malengo kubadilishwa katikati ya mwaka, ziseme pia ni kwa sababu zipi, na mfanyakazi aarifiwe kwa maandishi.

Halafu kuna kile kifungu ambacho kila mwanasheria wa kampuni hukipenda: "Malipo ya bonasi yako chini ya hiari ya uongozi." Wafanyakazi wengi wakikisoma hukata tamaa, wakidhani kwamba hiari maana yake ni bosi kufanya atakavyo. Mahakama zimesema vingine. Kesi ninayowaeleza watu mara nyingi ni ya London, iliyoamuliwa mwaka 2000. Steven Clark alikuwa mfanyabiashara wa hisa katika kampuni ya Nomura. Mkataba wake ulisema bonasi ni ya hiari, haina uhakika, na itategemea utendaji wake binafsi. Aliachishwa kazi mwaka 1997, na siku ya bonasi ilipofika alikuwa bado ndani ya muda wa notisi, yaani bado ni mwajiriwa. Alikuwa ameiingizia kampuni faida kubwa sana. Wakampa sifuri.

Jaji alikubali kwamba hiari ilikuwapo. Alichouliza ni kama kuna mwajiri mwenye akili timamu ambaye, akiwa ameahidi kupima utendaji wa mtu, angetazama faida ile na kuandika sifuri. Akaona hakuna, akaamuru Clark alipwe pauni milioni 1.35. Funzo la kisheria hapo lina mpaka wake, na ni vizuri kuuona. Mahakama haikusema kila mfanyakazi anastahili bonasi. Ilisema uongozi ukishataja kipimo, uamuzi wake lazima utokane na kipimo hicho. Kanuni zikisema kipimo ni faida ya kampuni, na faida haikupatikana, sifuri ni uamuzi halali. Zikisema kipimo ni kazi yako, kisha ukanyimwa kwa sababu umegombana na meneja, hapo una hoja. Hukumu za Uingereza haziifungi Tanzania wala Kenya, ila mawakili wa kwetu huzitaja mahakamani kama za kushawishi.

Kwa hiyo ukiambiwa "uongozi umeamua", uliza kwa maandishi: umeamua kwa kipimo gani, na alama zangu zilikuwa ngapi? Kampuni iliyotumia hiari yake kwa haki huwa na karatasi ya kikao yenye sababu. Iliyokosa karatasi hiyo mara nyingi huanza kutafuta njia ya mapatano.

Turudi kwa wanaoondoka, maana huko ndiko machozi mengi yaliko. Kanuni nzuri huwagawa kwa sababu za kuondoka. Aliyestaafu, aliyepunguzwa kazi, aliyeachishwa kwa ugonjwa, na familia ya aliyefariki hulipwa kwa kadiri ya miezi iliyofanyiwa kazi. Aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hapati kitu. Ugomvi uko kwa anayeacha mwenyewe. Mwajiri anasema bonasi ni ya kumshika mtu abaki, kwa nini amlipe anayeondoka? Mfanyakazi anasema mwaka uliisha Desemba 31, kazi aliifanya yote, kilichobaki ni kulipwa tu. Wote wawili wana haki fulani, na anayeamua kati yao ni maandishi. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri, ajira inapokoma, alipe ujira wa kazi iliyokwisha kufanyika. Kanuni zikisema bonasi "inapatikana" mwisho wa mwaka na "inalipwa" Machi, una msingi wa kudai kwamba ni ujira uliokwisha kuutolea jasho. Zikisema haki haizaliwi mpaka siku ya malipo, msingi huo unadhoofika sana.

Uzito wa maneno ulionekana Kanada katika kesi ya mkemia David Matthews. Aliacha kazi Ocean Nutrition mwaka 2011 baada ya kubanwa na kupokonywa majukumu, jambo ambalo mahakama ililihesabu kama kufukuzwa. Mwaka uliofuata kampuni iliuzwa, na waliokuwamo kwenye mpango wa bonasi wakalipwa. Sehemu yake ingekuwa takriban dola milioni 1.1 za Kanada. Kanuni zilitaka mtu awe mwajiriwa siku ya mauzo. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua alipwe: alistahili notisi ya miezi 15, mauzo yaliangukia ndani ya muda huo, na maneno ya kanuni hayakuwa wazi kiasi cha kumnyang'anya haki hiyo. Kwetu notisi ya kisheria ni fupi, hivyo usitarajie miezi 15. Lakini upo ujanja unaofanana nao, ambao nimeushuhudia: mwajiri anamwachisha mtu Machi 20, anamlipa fedha badala ya notisi ili aondoke siku hiyohiyo, na tarehe 31 mtu hayupo. Kama kanuni ziko kimya juu ya hali hiyo, idai.

Mhasibu wetu hakuwa na hoja hiyo. Kanuni zilikuwa wazi, alizisaini, na barua aliileta mwenyewe. Kilichoniuma ni kwamba mwajiri wake mpya alikuwa tayari kumsubiri. Angeileta ile bahasha Aprili 1, fedha zikiwa zimeshaingia benki, angeanza kazi mpya katika siku za mwisho za Aprili badala ya katikati yake. Ningeweza kumnong'oneza asubuhi ile. Sikumnong'oneza.

Kama unafikiria kuondoka, iombe idara ya utumishi nakala ya kanuni za mwaka huu, maana hubadilika, na uiombe wakati ambao watu wengine nao wanaulizia bonasi. Soma kifungu cha wanaoondoka hadi nukta ya mwisho. Na kama tayari umenyimwa na unaamini una haki, usikae ukisubiri majibu ya mdomo. Tanzania mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine, bonasi ikiwamo, yana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Kenya muda wa kufungua kesi ya ajira kwa kawaida ni miaka mitatu.