Mtoto Mtulivu na Tezi ya Thairoidi

Mtoto mchanga anayelala mchana kutwa, asiyelia ila kwa nadra na ambaye sharti aamshwe ili anyonye, aghalabu husifiwa kwa utulivu wake. Mara nyingi sifa hiyo huwa ya haki. Hata hivyo, utulivu huo ukiandamana na choo kigumu, sauti ya kukwaruza, ulimi mnene na umanjano wa macho unaopita majuma mawili, huenda chanzo chake kikawa tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iliyo mbele ya koo.

Tezi hiyo, yaani thairoidi, hutoa homoni. Istilahi 'homoni' ilianzishwa mwaka wa 1905 na Mwingereza Ernest Starling kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea, nayo inaafiki: homoni ni kemikali ambayo hutolewa na tezi, ikachukuliwa na damu, ikachochea kazi katika viungo vilivyo mbali.

Homoni kuu ya thairoidi ni thairoksini, ambayo haiwezi kuundwa bila ayodini, madini yanayotiwa katika chumvi ya mezani. Thairoksini huamua kasi ambayo seli hutumia chakula kupata nishati. Ikimpungukia mtu mzima, yeye huhisi baridi, huchoka na hunenepa, lakini akitibiwa kwa kawaida hurejea hali yake. Kwa mtoto mambo ni tofauti, kwa kuwa homoni iyo hiyo ndiyo inayoongoza ukuaji wa mifupa na ubongo. Kimo kilichochelewa huweza kufidiwa. Ubongo ulioikosa homoni katika miezi ya kwanza haufidiwi wote.

Tatizo ni kwamba anapozaliwa, mtoto huyo huonekana mzima, kwani homoni ya mama ilimkinga tumboni. Kwa hiyo hupimwa tone la damu kutoka kisiginoni siku chache baada ya kuzaliwa. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ikihisi upungufu wa thairoksini hutoa kwa wingi homoni ya kuihimiza thairoidi, ambayo maabara huiandika TSH. TSH ikiwa juu na thairoksini ikiwa chini, kosa liko katika thairoidi yenyewe.

Tiba ni levothairoksini, mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kila siku, ikianzwa kabla ya majuma mawili kupita. Mtoto wa kilo 3 basi hupewa baina ya mikrogramu 30 na 45. Tembe husagwa ikachanganywa na maziwa ya mama kidogo kijikoni. Ikitiwa katika chupa nzima, mtoto asipoimaliza kipimo hupotea.

Kipimo cha TSH pekee kina upungufu wake. Pituitari yenyewe ikiwa na hitilafu, TSH haipandi ingawa thairoksini imeshuka. Ndiyo sababu daktari anayeziona dalili zilizotajwa huagiza vyote viwili vipimwe, hata kama tone la kisiginoni halikuonyesha lolote.