Kwa Nini Vipimo Viwili vya Damu Hutofautiana?

Chukua mfano wa sajini aliyepimwa kolesteroli, yaani aina ya mafuta yaliyomo katika damu, akapata 6.2 kwa kipimo cha milimoli katika lita moja. Wiki tano baadaye akapimwa tena, akapata 5.3. Nyumbani ikawa furaha. Mkewe akauliza kama sasa ile chumvi na mafuta ya zamani vyaweza kurudi jikoni. Kabla ya kujibu, yafaa kwanza kuuliza damu hiyo ilitolewa katika hali gani.

Mara ya kwanza sajini alikuwa amesimama katika foleni karibu saa nzima. Mtu asimamapo, uzito huvuta maji ya damu, nayo hupenya kuta za mishipa midogo na kuingia katika nyama za miguu. Kolesteroli haipenyi, kwa kuwa hubebwa na chembe kubwa. Basi damu huwa nzito, mfano wa mchuzi uliopungua maji: chumvi ni ile ile, lakini ladha imezidi. Akilala, maji hurejea. Dakika 20 za kulala zaweza kushusha kipimo kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Kwa sajini huyu, hiyo ni 0.6 hivi.

Mara ya pili alitolewa damu akiwa amelala kitandani, siku chache baada ya kuugua malaria. Ugonjwa wenye homa kali hushusha kolesteroli, na huchukua wiki kadhaa kurudi mahali pake. Nafuu ya mgonjwa haina maana kwamba damu yake imekwisha kurudi katika hali ya kawaida.

Tena iko maabara yenyewe. Damu ya chupa moja ikipimwa mara mbili katika mtambo mmoja, yaweza kutoa 6.0 na 6.2 bila mtu kukosea. Maabara mbili huweza kupishana zaidi.

Kwa hiyo tofauti ya 0.9 yaweza kuelezwa yote na mambo haya matatu. Haithibitishi kwamba sajini amepona, wala kwamba hajapata nafuu yoyote.

Njia ya kupata jibu ni kupima upya kwa utaratibu mmoja: baada ya ugonjwa mkubwa, asubiri miezi miwili, aende maabara ile ile, aketi kwa robo saa kabla ya kutolewa damu, na mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika moja, kwani nao huzidisha uzito wa damu. Amweleze mganga ugonjwa aliougua na dawa alizotumia. Hadi hapo, dawa aliyoandikiwa asiiache, na chungu cha mkewe kibaki kama kilivyo.